Vermeer: kamera obskura, au pini na uzi? Tulinganishe ushahidi

Msanii_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Kila nikifundisha mtazamo wa kina, wanafunzi huniuliza kama ni kweli Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17 kutoka Delft, alichora kwa kufuatisha picha iliyopita kwenye lenzi. Nimesoma pande mbili. Moja inasema alikaa ndani ya chumba chenye giza, yaani kamera obskura, lenzi ikamtupia picha ya chumba cha pili ukutani. Nyingine inasema alipigilia pini kwenye turubai, akafunga uzi wa kunyooshea mistari, basi. Mimi naegemea lenzi, ila nataka kujua ni ushahidi upi unatenganisha pande hizi mbili.

Zahor_M
Mkuu, ni lenzi, wala usihangaike. Tazama ile picha ya askari na msichana anayecheka. Kichwa cha askari aliye karibu kinakaribia kuwa mara mbili ya cha msichana, na wamekaa meza moja! Tangu 1891 msanii Joseph Pennell alishasema huo ni mtazamo wa kamera. Halafu kamera yenyewe ipo makumbusho huko Venisi.

Mwanakele
Ndugu Zahor, la Pennell ni kweli, ila sanduku la Venisi halihusiani na Vermeer. Limeandikwa "A. Canal" na linahusishwa na Canaletto, mchoraji wa karne ya 18. Vermeer alifariki 1675. Mwaka uliofuata mali zake ziliorodheshwa, na orodha inataja stendi za kuchorea na turubai. Hakuna lenzi wala sanduku.

Hata kichwa cha askari hakitenganishi chochote. Ukikaa karibu sana na watu wawili, wa mbele lazima aonekane mkubwa hivyo. Lenzi itakupa ukubwa huo, na uzi uliopigwa sawasawa utakupa ukubwa uleule.

Pini yenyewe imeacha alama. Jørgen Wadum, aliyekuwa mhifadhi wa michoro kwenye makumbusho ya Mauritshuis huko Uholanzi, alipata tundu dogo kwenye michoro 13, mahali hasa mistari ya sakafu na madirisha inapokutana. Kwenye eksirei linaonekana kama doa jeusi, kwa sababu pini ilibandua rangi nyeupe ya risasi iliyopakwa kwanza. Unafunga uzi kwenye pini, unaupaka chaki, unauvuta mpaka ukingoni na kuuachia, kama fundi anavyopiga uzi ukutani. Mistari yote inakwenda kwenye nukta moja. Kwenye picha ya somo la muziki tundu lipo juu ya mkono wa nguo ya mwanamke anayepiga kinanda.

Brashi_Nairobi
Wadau, mimi huchora kuta na mabango, natumia projekta. Nawaambieni jambo moja: ikiguswa kidogo tu katikati ya kazi, mistari ya asubuhi na ya mchana haikutani tena, na huwezi kuirudisha ilipokuwa. Kwa hiyo mtu akitumia lenzi, tafuteni makosa ya namna hiyo. Vermeer anayo?

Mwanakele
Swali zuri sana. Mchoraji David Hockney na mwanafizikia Charles Falco walitumia hoja hiyohiyo, lakini kwa Lorenzo Lotto, kwenye mchoro wa mume na mke wa miaka ya 1520. Nakshi ya zulia la mezani inaingia ukungu kadiri inavyokwenda nyuma, na mwelekeo wa mistari unabadilika. Wao wakasema alisogeza lenzi ili sehemu ya nyuma ionekane vizuri. Mwanasayansi David Stork alipinga, na ubishi haujaisha. Kwa Vermeer sijaona kosa la namna hiyo. Sakafu zake zimetulia, na hilo linaipendelea pini.

Juma_wa_Pili
Samahani, kama alifuatisha, kwa nini asifiwe? Hata mimi nina simu inayogeuza picha kuwa mchoro.

Msanii_Tanga
Kaka Juma, la kusifiwa lina nafasi yake, hapa tunauliza alifanyaje. Dada Mwanakele, na Steadman je? Yeye ndiye aliyenishawishi.

Mwanakele
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa lenzi, kwa sababu haiishii kwenye kusema "inafanana na fotografia". Philip Steadman, mtaalamu wa usanifu majengo, alianza na vigae vya sakafu. Vigae ni mraba na vinalingana, kwa hiyo unaweza kurudi kinyumenyume: kutoka kwenye mchoro unapata ramani ya chumba, kisha mahali jicho lilipokuwa. Kutoka hapo alivuta mistari kutoka kingo za picha, ikapita kwenye nukta ya jicho mpaka ukuta wa nyuma, ule usioonekana. Mistari hiyo inachora mstatili ukutani. Kwenye michoro 6 alipata mstatili unaokaribia ukubwa wa turubai lenyewe. Somo la muziki, lenye takriban sm 74 kwa 65, ni mojawapo. Hivyo ndivyo ingetokea kama lenzi ingekuwa kwenye nukta ya jicho na picha ikatua ukutani, akaifuatisha ilivyo.

Mwenye uzi hana sababu ya kupata ulinganifu huo. Udhaifu ni kwamba ukuta wa nyuma hauonekani popote, umbali wake umekisiwa, na ukiusogeza mstatili unabadilika. Yeye anasema kioo kilicho juu ya kinanda kinamwonyesha sehemu ya upande wa nyuma wa chumba. Mimi naona ni hoja yenye nguvu, lakini haijafunga kesi.

Zahor_M
Na vile vinukta vya mwanga? Kwenye mandhari ya Delft mashua zimejaa viduara vyeupe. Jicho halioni hivyo, lenzi isiyokaa sawa ndiyo hutoa viduara.

Mwanakele
Lenzi hutoa viduara pale jua linapopiga kitu chenye maji au kinachong'aa. Mashua zile ziko kivulini. Nenda pia kwa mwanamke anayemimina maziwa: vinukta vimejaa juu ya mikate mikavu, ambapo lenzi isingevitoa. Huenda aliviona kwenye lenzi siku moja akavipenda, lakini hapo ameviweka kwa hiari yake. Mchoro huohuo ulipochunguzwa na Rijksmuseum, 2022, chini yake vilionekana kishikio cha mitungi ukutani na kapu la moto, na vyote alivifunika. Chini kabisa kuna rangi nyeusi iliyopigwa haraka kwa brashi. Hiyo si kazi ya mtu anayenakili kila kilichoko mbele yake.

Brashi_Nairobi
Picha ya lenzi ukutani si hukaa kichwa chini? Nimejaribu kwa kioo cha kukuzia, na nikigeuza karatasi iwe wima, kushoto kunakuwa kulia.

Mwanakele
Ndivyo, na rangi nazo huzipimi vizuri gizani. Jane Jelley, ambaye ni mchoraji, alijaribu njia hii: alifuatisha picha kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, kwa rangi nyeusi mbichi, kisha akaibandika juu ya turubai na kuisugua. Chapa inageuza pande, kushoto kunarudi kushoto, na hakuna mistari ya penseli inayobaki. Inawezekana, na inaoana na weusi ulio chini ya rangi. Ila weusi huo hata brashi peke yake ingeuacha.

Zahor_M
Haya, na lenzi je? Leeuwenhoek, yule mtengenezaji wa lenzi, alizaliwa Delft mwaka uleule na Vermeer, 1632, na ndiye aliyesimamia mali za marehemu. Angeshindwa kumwazima?

Mwanakele
Alisimamia, 1676. Lakini hakuna hati inayoonyesha kuwa walifahamiana Vermeer alipokuwa hai, na lenzi zake mashuhuri zilikuwa chembe ndogo za kioo za kutazamia vijidudu. Hizo haziwezi kutupa picha ya chumba ukutani. Unahitaji lenzi kubwa zaidi, na hizo watengenezaji wa miwani walikuwa nazo.

Zahor_M
Basi umekubali kwamba angeweza kuipata.

Mwanakele
Kuipata, ndiyo. Bado nakudai ulichonacho dhidi ya yale matundu 13.

Msanii_Tanga
Steadman mwenyewe anasema pini na lenzi vinaweza kukaa pamoja: kufuatisha kwanza, kunyoosha mistari kwa uzi baadaye. Nani ana picha ya eksirei ya somo la muziki? Nataka kujua kama tundu lilitobolewa kabla ya ule weusi wa chini au baada yake.