Naomba ushauri: valvu ya kikombe au ya kiwambo kwa tangi la choo lenye kelele?

Habari zenu wanajukwaa. Valvu ya kujazia maji kwenye tangi la choo chetu ni ya zamani, ya mkono wenye boya, na kila tunapo-flashi hupiga mluzi mkali, hasa inapokaribia kufunga. Nimeifungua nikakuta washa ya mpira ina mfereji ulioachwa na mdomo wa valvu. Nimeigeuza washa hiyo, na kelele ikarudi baada ya muda mfupi. Nikibana koki ya ukutani mluzi hupungua, lakini tangi huchelewa mno kujaa.

Nimeamua kubadilisha valvu nzima. Ugumu ni kwamba maji ya bomba la mtaa huja kwa nguvu na mchanga kidogo, ilhali yakikatika tunatumia simtanki lililo mita 3 tu juu ya choo, yaani presha ya takriban baa 0.3.

Je, katika hali hii nichague ya kikombe kinachopanda kwenye mhimili, au ya kiwambo, ambayo nasikia ni kimya zaidi ingawa kitundu chake huziba kwa mchanga? Na kile kipunguza-presha cha plastiki kinachowekwa kwenye mlango wa maji, nikiache au nikitoe?