Naomba ushauri: kuvunja mwongozo wa otoklevu uwe hatua za namba

Habari zenu wakuu. Maabara yetu ina mwongozo wa kutumia otoklevu, aya moja ya ukurasa mzima. Wiki iliyopita fundi mpya aliufuata, akasahau kulegeza vifuniko vya chupa, kisha mzunguko ulipoisha akafungua vali ili mvuke utoke haraka. Chupa mbili zilipasuka humo ndani. Bahati mfuniko ulikuwa bado umefungwa.

Nikarudia kuusoma. Onyo la vali lipo, ila limekaa mstari wa mwisho, baada ya maelezo ya kusafisha! Nimeanza kuandika upya hivi:

6. Subiri geji ifike nyuzi 121, ndipo uanze kuhesabu dakika 15.
7. Zima umeme. USIGUSE VALI: presha ikishuka ghafla, maji yaliyo kwenye chupa huchemka na kufurika.
8. Subiri sindano ya presha ifike sifuri yenyewe.
9. Vaa glovu za joto, simama pembeni, legeza mfuniko taratibu.

Nilipokwama ni hapa: vyombo vikavu vilivyofungwa kwa karatasi, mvuke wake tunautoa kwa vali mwishoni ili vikauke. Yaani hatua ya 7 inageuka kabisa. Niweke "kama ni kimiminika… kama ni vikavu…" ndani ya hatua hiyohiyo, au nitengeneze kadi mbili tofauti? Mimi naelekea kadi mbili, ila naogopa mtu atachukua isiyo yake. Waliowahi kufanya hili, mlizitofautishaje?