CMT, dawa ya kuchovya chuchu au mafuta ya kukamulia: kwa ng'ombe wanne nianze na kipi?

Banda_Kiwira
Wakuu, habari za jioni. Niko Rungwe, banda la ng'ombe wanne chotara wanaokamuliwa kwa mkono asubuhi na jioni. Fedha iliyopo inatosha kununua kitu kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao. Nalinganisha mafuta ya kukamulia, dawa ya kuchovya chuchu baada ya kukamua, na CMT, kipimo cha maziwa kinachoonyesha ugonjwa wa kiwele uliojificha.

Jana tuliazima CMT tukapima wote. Matokeo ni haya, kuanzia safi, hafifu, 1 hadi 3 ambayo ndiyo mbaya zaidi:
Sikujua (uzao wa tatu, ndiye mwenye maziwa mengi): chuchu ya nyuma kulia 3, nyuma kushoto alama hafifu, za mbele safi.
Neema: zote safi.
Tausi: mbele kulia 1, nyingine safi.
Upendo (amezaa siku tatu zilizopita): zote nne kati ya hafifu na 1.

Hakuna aliyevimba kiwele, hakuna homa, wote wanakula. Tunaanza kukamua kwa Sikujua, halafu Tausi, Neema, Upendo. Kitambaa cha kufutia ni kimoja, kinasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya moto kila tunapohama ng'ombe.

Mama_Maziwa_Njombe
Nunua mafuta. Huku kwetu Juni na Julai baridi na upepo vinapasua chuchu, na chuchu iliyopasuka ndiyo mlango wa ugonjwa. Dawa ya kuchovya inazidi kuzikausha. Paka mafuta kabla ya kukamua, mkono uteleze vizuri, ng'ombe hatapiga teke. Maji ya moto yenye chumvi yanamaliza kazi iliyobaki.

Mtaalamu_Kiwele
Mama, kwenye mipasuko uko sahihi kabisa. Bakteria wa stafilokoko hupenda kujificha kwenye vidonda na nyufa za ngozi ya chuchu, kwa hiyo chuchu laini ni kinga. Lakini mafuta hayaui vijidudu. Ukichovya kidole kwenye kopo baada ya kumshika Sikujua, kisha ukampaka Tausi kwa kidole hicho, umembebea ugonjwa mwenyewe. Na mafuta kabla ya kukamua yanamzoesha mkamuaji kuvuta chuchu kwa vidole viwili akiteleza juu hadi chini, jambo linaloumiza ngozi na tishu za ndani. Kamua kwa kiganja: kidole gumba na cha shahada vifunge juu ya chuchu, vingine vifuate kukaza kimoja baada ya kingine. Kwa namna hiyo chuchu kavu haina shida.

Sasa Banda_Kiwira. Vitu vitatu ulivyotaja havifanyi kazi moja. CMT inakuonyesha nani ameambukizwa kabla macho hayajaona. Dawa ya kuchovya inazuia maambukizi mapya lakini haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mafuta yanatunza ngozi. Swali lako hasa ni nini unachokosa zaidi leo, na matokeo yako yameshajibu.

Tazama mpangilio wenu. Sikujua ana 3 kwenye robo moja ya kiwele, yaani sehemu ya chuchu moja, na ndiye anayeanza. Anayemfuata ni Tausi, na Tausi ndiye mwenye 1. Neema wa tatu bado yuko safi. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyotokea, lakini mikono na kile kitambaa kimoja ndivyo njia yenyewe. Maji ya ndoo yanayovumilika kwa mkono hayana moto wa kuua vijidudu. Yanavigawa tu.

Kwa hiyo kuanzia kesho asubuhi, bila kununua chochote: Neema kwanza, kisha Upendo, Tausi, na Sikujua mwisho. Kata shuka la zamani upate vitambaa vinne, kila ng'ombe na chake, vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe na kuanikwa juani kila siku.

Kitu cha kwanza kununua: dawa ya kuchovya.

Mufindi_Misitu
Kwa nini siyo CMT kwanza? Bila kipimo unapigana gizani. Na hata usipopata ile ya dukani, sabuni ya unga inafanya kazi hiyo: gramu 30 ndani ya lita moja ya maji, changanya sawa kwa sawa na maziwa, yakiganda kama ute basi ni mgonjwa.

Mtaalamu_Kiwele
Kwa mabanda mengi ningekubaliana nawe. Huyu ameshapima, na anaweza kuazima tena. Hesabu yenyewe ni ndogo: kila robo inatumia mililita 2 za maziwa na mililita 2 za dawa, yaani mililita 8 za dawa kwa ng'ombe mmoja, 32 kwa banda lake zima. Nusu lita iliyokwisha changanywa inampa mara 15. Akipima kila wiki mbili, ni zaidi ya nusu mwaka. Kuchovya kunataka kama mililita 10 kwa ng'ombe kila anapokamuliwa, kwa hiyo mililita 80 kwa siku, na lita moja inaisha kwa siku 12 hivi. Huko ndiko fedha inakoenda, na usipofanya kila siku hupati faida yake.

Sabuni ya unga inasaidia, ila inakupa majibu mawili tu, mazito au mepesi. Alama hafifu na 1 zinakupita. Kwa Sikujua ingetosha, kwa Tausi pengine ungesema yuko salama.

Na wanaopima, tafadhali: tupeni mikamuo ya kwanza, chukueni maziwa kidogo kila chuchu kwenye kikombe chake, inamisheni sahani maziwa ya ziada yamwagike hadi alama, wekeni dawa, zungusheni taratibu sekunde 10 na msome papo hapo mkiendelea kuzungusha. Ukiiacha kidogo, ule ute hafifu unapotea na unaandika "safi".

Makete_Juu
Ng'ombe wangu amezaa juzi, kiwele chote kimevimba hadi kitovuni. Nimpe dawa ya chuchu zote nne?

Mtaalamu_Kiwele
Usimpe bado. Bonyeza uvimbe kwa kidole uhesabu hadi tano. Kama kishimo kinabaki, hasikii maumivu, hakuna joto, na maziwa hayana mabonge wala maji, huo ni uvimbe wa maji wa kuzaa na hupungua wenyewe. Mkamue mara nyingi zaidi, mtembeze kidogo. Ugonjwa wa kiwele mara nyingi hukaa robo moja au mbili, robo inakuwa ngumu, ina joto, anarusha mguu ukiigusa, maziwa yanabadilika. Akikataa kula au akipata homa, mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Kuna aina inayotokana na kinyesi na matandiko machafu ambayo inaweza kumlaza ng'ombe kwa saa chache.

Banda_Kiwira, hapo ndipo Upendo anapoingia pia. Siku za kwanza baada ya kuzaa CMT hupandisha robo zote kwa sababu ya dang'a. Zote nne kulingana ni dalili ya kuzaa kuliko ya ugonjwa. Mpime tena akifika siku ya kumi. Robo moja ikibaki juu peke yake, hapo una jambo.

Mama_Maziwa_Njombe
Nimekuelewa kwenye kopo la mafuta. Lakini baridi ya huku hujaijibu. Chuchu iliyolowa dawa ikitoka nje kwenye upepo inapasuka, nimeiona kwa macho yangu.

Mtaalamu_Kiwele
Ni kweli inapasuka, na sababu ni unyevu pamoja na upepo, au dawa isiyo na kilainishi. Chagua iodini ya asilimia 0.5 yenye gliserini. Chovya theluthi mbili za chini za chuchu, subiri sekunde 30, kisha asubuhi za baridi kali gusisha kitambaa kikavu safi kuondoa tone linaloning'inia kabla hajatoka. Chuchu ikiwa imeshapasuka, mafuta yako yanafaa hapo, baada ya dawa kukauka, yakichotwa kwa kijiti safi.

Ukikosa ya dukani, iodini ya povidoni ya asilimia 10 ya duka la dawa ina iodini hai asilimia 1. Mililita 500 za hiyo, 400 za maji yaliyochemshwa yakapoa, 100 za gliserini. Usichukue ile yenye povu ya kunawia mikono, wala iodini ya spiriti, inaunguza. Changanya ya siku chache tu kwa sababu inapoteza nguvu. Rangi ya kahawia ikififia kikombeni, mwaga, usirudishe kwenye chupa.

Mufindi_Misitu
Nakubali kuhusu kuchovya. Ongezeni kwamba chakula kiwekwe horini baada ya kukamua, ng'ombe asimame walau nusu saa. Tundu la chuchu linakuwa bado wazi, na akilala kwenye tope dawa yote ni bure. Huku Mafinga vumbi la mbao ni la kumwaga na wengi tunalitandika.

Mtaalamu_Kiwele
Likiwa kavu sawa. Vumbi bichi, lenye unyevu kutoka kwenye msumeno, linabeba vijidudu vya kiwele kwa wingi, na kuchovya hakuwezi kukulinda kwa saa zote anazolala humo. Lianikwe kwanza, na sehemu ya nyuma anakolalia kiwele ibadilishwe kila siku. Rungwe yenye mvua nyingi ni hivyohivyo kwa majani.

Banda_Kiwira
Asanteni sana. Dawa ya kuchovya nitanunua Jumamosi Tukuyu. Mawili yamebaki. Sikujua nimtibu sasa au nisubiri? Na ndama wa Upendo ananyonya mwisho baada ya kukamua. Nichovye kabla yake au baada yake?

Mtaalamu_Kiwele
Sikujua: kila kabla ya kumkamua, mikamuo mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi, siyo sakafuni wala kiganjani. Mtafute daktari wa mifugo achukue sampuli ya robo ile kabla ya kugusa dawa yoyote, kwa sababu baada ya dawa sampuli haisemi kweli. Ikiwa ni stafilokoko ya muda mrefu kwa ng'ombe wa uzao wa tatu, kutibu akiwa anakamuliwa mara nyingi hakufanikiwi. Huenda akashauri kusubiri wakati wa kumkausha. Ukianza mirija ya dawa inayoingizwa kwenye chuchu, maliza dozi yote, na maziwa ya robo zote nne yasiende kituo cha maziwa hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Ndama: chovya baada yake, mate yake yanaosha dawa yote.

Mama_Maziwa_Njombe
Wengine husema ndama akimaliza maziwa yaliyobaki, kiwele kinakuwa salama zaidi kuliko kuchovya.

Mtaalamu_Kiwele
Ndama wa mama mwenye afya anasaidia kweli, kwa kuwa hakiachi kiwele na mabaki. Shida ni ndama anayenyonya robo mgonjwa kisha akarukia ng'ombe mwingine. Kwa Upendo ningemwacha anyonye mama yake tu, nichovye baadaye. Wapo wenzangu wanaomtenga ndama kabisa na kumnywesha kwa ndoo, nao mabanda yao hayana ugonjwa. Hapo sina jibu moja.

Banda_Kiwira
Leo jioni tumeanza na Neema, Sikujua mwisho. Kwenye kitambaa cheusi robo yake ya nyuma kulia imeacha vipande viwili vidogo kama chembe za ugali. Mikamuo ya nne na ya tano ilikuwa safi kabisa. Daktari anakuja kesho saa nne kuchukua sampuli.