Watoto wa mume wangu wakija, nakuwa mgeni nyumbani kwangu. Nimwambieje bila kumfanya achague?

Msaragambo:
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 32, naishi Moshi, Pasua. Mwaka jana niliolewa na mwanaume mwenye watoto wawili aliozaa na mwenzake wa zamani. Wa kike ana miaka 10, wa kiume 7, wanaishi na mama yao Arusha, Sakina. Mimi sijajaliwa mtoto bado. Sikudanganywa, niliwajua tangu siku za uchumba, na sina ugomvi nao. Wana adabu, wananiita anti.

Kila baada ya wiki moja ni zamu yetu. Ijumaa mume wangu akifunga duka anaendesha hadi Arusha kuwachukua, wanafika saa tatu usiku. Kuanzia hapo hadi Jumapili jioni mimi ni kama mpangaji. Wanakaa watatu kwenye kochi wanakumbushana mambo ya zamani: safari yao ya Tanga, mbwa waliyemfuga, jirani aliyekuwa anakoroma hadi wanamsikia. Wanacheka, nami nimesimama na sinia la chai sijui nikae upande gani. Kwenye gari binti anakaa mbele, mimi nyuma. Ni kitu kidogo, najua, lakini kinaniuma kila safari.

Kilichonivunja ni wikiendi iliyopita. Baba yangu yuko Usangi, miguu inamsumbua, hawezi tena kushuka kuja mjini. Mwezi mzima tulipanga tukamwone Jumamosi. Nilinunua blanketi, sukari na mchele, mama akaloweka mahindi na maharage ya makande. Ijumaa saa mbili usiku mume wangu ananipigia simu yuko njiani na watoto, mama yao kapata safari ya ghafla. Haikuwa zamu yetu. Safari ikafa, na ni mara ya pili.

Jumapili usiku aliporudi kuwapeleka nikamuuliza, "Hivi mimi kwako ni wa ngapi?" Akajibu, "Usinilazimishe kuchagua. Wanangu sitawaacha." Tangu siku hiyo tunalala mzungu wa nne.

Sitaki achague. Mwanaume anayewatupa wanawe ningemwogopa. Ila siwezi kuendelea hivi. Nianzie wapi?

Mzee wa Kiborloni:
Dada, funguka macho. Mwanaume wa kwenda Arusha usiku usiku hajamalizana na huyo mama. Watoto ni kisingizio. Chunguza simu yake kwanza.

Msaragambo:
Mkuu, nadhani umesoma haraka. Watoto wanatoka wenyewe getini, yeye hashuki hata kwenye gari, nimeenda naye mara nyingi. Shida yangu haiko huko.

Mama Njiro:
Pole mdogo wangu. Mimi nimelea wawili wa mume wangu, na siri ni moja tu: usiwe mgeni, uwe mama. Wapikie wanachopenda, wasuke nywele, na wakikosea wakanye kama wa kwako. Ukijifanya anti utabaki anti. Mume akiona umewakumbatia watoto, moyo wake wote utakuja kwako. Mimi wa kwangu walikuja wakiwa na miaka miwili na mitatu, leo hakuna anayejua kwamba sikuwazaa.

Baba Ngaramtoni:
Niseme kama mwanaume aliye upande wa mumeo. Nina wawili wanaoishi na mama yao. Siku ninazokaa nao nazihesabu. Kwa mwezi ni siku nne, tano. Nikiwarudisha Jumapili, njia nzima ya kurudi siongei na mtu, hata redio nazima. Sasa mke wangu akinipokea mlangoni na swali la "mimi ni wa ngapi", nasikia "punguza hizo siku nne". Hata kama hakusema hivyo, ndivyo ninavyosikia, na hapo nitapigana. Umemuuliza saa mbaya kuliko zote.

Jambo la pili, na hili silisemi kwa raha. Mama yao akinipigia simu kwamba watoto hawana pa kukaa, sina ujasiri wa kusema hapana. Naogopa siku nyingine atawazuia. Kwa hiyo ninayemvunjia ahadi ni mke wangu, kwa sababu najua yeye atabaki. Si haki, lakini mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Msaragambo:
Hiyo ya "najua yeye atabaki" nimeisoma mara tatu. Asante kaka.

Shangazi wa Rau:
Mwanangu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi kabla ya kustaafu, na nyumba za namna hii nimekaa nazo sana. Nianze na kochi. Hao watatu wana historia ya miaka 10, wewe una ya mwaka mmoja na kitu. Wakiwa pamoja, damu na kumbukumbu zinawavuta ndani, wewe unabaki nje. Hakuna aliyekufukuza. Mumeo halioni hilo kwa sababu yeye yuko ndani kila upande: akikaa nawe yuko ndani, akikaa na wanawe yuko ndani. Ukimwambia "mnanitenga" atashangaa kweli, si kwamba anajifanya.

Kosa la wengi ni kulazimisha wote wanne mkae pamoja muda wote ili mzoeane. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote. Nyumba hizi hujengwa wawili wawili. Jumamosi asubuhi waachie baba na wanawe, wewe nenda Mbuyuni sokoni, nenda saluni, na uende kwa hiari yako bila kununa. Mchana mchukue binti mfanye kitu kimoja, mkisimama bega kwa bega badala ya kutazamana: kumenya ndizi za mtori, kushona kifungo. Usiku watoto wakilala, nusu saa ni yako na mumeo, simu ikiwa mbali.

Mama Njiro, ulichofanya ni kizuri, lakini wa kwako walikuja wakiwa wadogo mno. Binti wa miaka 10 ana mama anayempenda. Ukimkanya kama mama yake, au hata ukimfurahisha kupita kiasi, anajiona amemsaliti mama. Ndiyo maana mtoto anaweza kucheka nawe Jumamosi, halafu zamu inayofuata akaja amenuna. Anayekanya awe baba. Wewe simamia tu sheria ambazo baba amezitamka mbele yao.

Sasa, la kumwambia mumeo. Kabla hujafungua kinywa, pima ombi lako kwa swali hili: akilikubali, watoto watapungukiwa na nini? Ukiomba asiwapigie simu usiku, wamepungukiwa. Ada, matibabu, zamu zao, hayo usiyaguse. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 matunzo ni wajibu wa mzazi, na hata sheria isingekuwepo yangebaki kuwa ya kwao. Lakini ukiomba upigiwe simu kabla zamu haijabadilishwa, mtoto hapungukiwi na chochote. Hilo ni jambo la watu wazima watatu na taarifa. Safari ya Usangi haikuvunjwa na watoto. Ilivunjwa na mtu mzima aliyesema ndiyo kwa simu moja bila kukuuliza, wakati pengine mngeweza kwenda nao wote kumwona babu.

Chagua Jumanne au Jumatano, mmekwisha kula. Ongelea tukio moja tu, usimwage gunia zima. Anza na kisichobadilika, na uwataje watoto kwa majina, usiseme "wanao". Mfano: "Watoto watakuja siku zote, hilo sitalipinga kamwe. Ijumaa ile niliumia kwa sababu nilisikia safari ya baba imekufa wakati wewe uko njiani tayari. Naomba zamu ikitaka kubadilika, unipigie kabla hujamjibu mama yao, tuamue pamoja." Basi. Nyamaza.

Atasema, "Unataka niwaache wanangu?" Usijitetee, usilie kwanza, na usianze kumtaja yule mama. Jibu, "Hapana, waje. Naomba simu tu." Akianza kuhesabu gharama alizokufanyia au mabaya ya ukoo wako, jua amesikia kesi, hajasikia ombi. Funga mazungumzo siku hiyo, yarudie kesho kutwa. Mkikubaliana, lijaribuni kwa zamu tatu kabla ya kusema limefaulu au limeshindikana. Likivunjwa kila mara bila hata samahani, hapo shida si watoto tena. Tafuteni mtu wa kukaa nanyi, msimamizi wenu wa ndoa au afisa ustawi.

Mtoto wa Kambo:
Mimi nilikuwa huyo binti wa kiti cha mbele. Kile kiti kilikuwa sehemu pekee ambapo baba alikuwa anaongea na mimi peke yangu. Siku mama wa kambo alipoambiwa akae mbele, nilikaa nyuma nikalia kimyakimya kutoka Himo hadi Moshi mjini. Hakuna aliyenieleza chochote. Kama mtabadilisha, baba aseme mwenyewe, tena mapema, na ampe kitu kingine cha wao wawili. Mama yangu wa kambo leo ni rafiki yangu, ila ilichukua miaka.

Mama Njiro:
Shangazi, nakubali kuhusu umri. Lakini sikubali mtu akae nyumbani kwake asimwambie mtoto "toa vyombo".

Shangazi wa Rau:
Kutoa vyombo amwambie, mama. Hiyo ni sheria ya nyumba. Nilisema kukanya.

Msaragambo (wiki tano baadaye):
Narudi na mrejesho. Niliongea naye Jumatano, karibu kama Shangazi alivyonipa. Alisema lile lile la kuwaacha wanawe. Nikajibu "waje, naomba simu tu", mikono ikitetemeka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba mama yangu alikuwa ameloweka makande. Kumbe mimi sikuwahi kumwambia, nilidhani anajua.

Wiki ya pili mama watoto alipiga simu tena. Alimwambia "nakupigia baada ya dakika kumi", akanipigia mimi. Tukaamua waje, ila Jumamosi wote wanne tukapanda Usangi. Baba alimfundisha kijana kusuka kamba ya migomba, binti alitapika kwenye kona za mlimani na mimi ndiye niliyemshika. Kurudi alichagua mwenyewe kukaa nyuma akalala. Zamu iliyofuata alikuja kanuna, hata salamu kwa shida. Nisingesoma hapa ningedhani nimemkosea.

Jumamosi asubuhi natoka, naenda kwa dada yangu Majengo. Wiki ya kwanza nilitoka na kinyongo, nakiri. Sasa nafuu kidogo. Kiti cha mbele sijakigusa.

Ambalo halijaisha ni Desemba. Kwao ni Kibosho, ukoo wote unarudi, na watoto lazima wawe kwa babu yao, hilo sina neno. Ila mama mkwe bado ana picha kubwa ya mume wangu na yule mwenzake ukutani sebuleni, na watoto wanaipenda. Nimeipima kwa swali lako, Shangazi. Ikitolewa, watoto watapungukiwa. Ikibaki, nitakula sikukuu nzima nikiitazama.

Shangazi wa Rau:
Isitolewe. Muulize mumeo kama kuna picha yenu wawili aliyompelekea mama yake.

Msaragambo:
Hakuna. Hata ya harusi hatujampelekea.