Tupeane uzoefu: kaulimbiu ya duka la gesi iliyokuletea wateja, na iliyokugharimu

Kijana wa Msakuzi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Nina duka la gesi Mbezi ya Msakuzi, mwaka wa nne huu, bodaboda mbili na mizani moja. Juzi nimefuta kwa tina maneno niliyoyalipia mwenyewe kuchorwa kwenye makasha ya bodaboda: "Gesi mlangoni ndani ya dakika kumi."

Yaliuza, siwezi kukataa. Ila wiki iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, kijana akapeleka mtungi wa kilo 6 ghorofa ya pili. Akauweka mlangoni, akachukua mtupu, akashuka mbio kuwahi oda nyingine. Saa 2 usiku mama mwenye nyumba akanipigia, jikoni kuna harufu. Bahati alishafunga gesi na kutoa watoto nje. Nilipofika nikakuta jiko limekaa juu ya mtungi kwa kuzungushwa nusu tu, na kile kimpira cha ndani kimekatika. Alijifungia mwenyewe, hajui, na kijana wangu hakusubiri hata aone.

Nilimsema sana yule kijana, halafu usiku sikulala. Mimi ndiye niliyeandika dakika kumi. Alifanya nilichomwandikia mgongoni.

Sasa nataka maneno mapya, ya usalama na ya kufika kwa uhakika. Waliowahi kuuza gesi, na nyie wateja, tupeane uzoefu: yapi yalifanya kazi na yapi yaliwatokea puani?

Mama Nasra

Mimi mteja. Kuna duka huku kwetu lilikuwa na bango "Saa 24, siku 7." Jumapili ya arusi ya mdogo wangu, saa 11 jioni, pilau la kilo nane liko jikoni na maji hayajakauka, gesi ikakata. Napiga simu inaita tu. Nikamalizia kwa mkaa wa jirani, wali wa juu mbichi wa chini umeungua.

Nikwambie ukweli, ningeambiwa "mwisho saa 12 jioni" nisingekasirika. Ningeagiza mchana. Kilichoniumiza ni kwamba niliwapangia shughuli yangu kwa maneno yao.

Asha wa Kinondoni

Kilo 15 unauza bei gani na Kinondoni mnafika?

Kijana wa Msakuzi

Dada Asha, Kinondoni hatufiki, tunaishia Kimara. Mama Nasra pole sana. Hilo la kusema mwisho wa oda nimelichukua.

Bin Kombo, Kisauni

Mimi niko Mombasa. Jihadhari na neno moja: kujaza. Nilianza na "Twajaza gesi, twaleta nyumbani" kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, mtu akitaka gesi asema naenda kujaza mtungi. Mwezi haujaisha, watu waja na mitungi ya kilo 6 wataka niwamiminie kutoka kwa mtungi mkubwa, tena nusu nusu, kulingana na pesa aliyo nayo. Na mimi sina mtambo wa kujazia, mimi nabadilisha tu: lete mtupu, chukua uliojazwa na kufungwa sili kule kwa kampuni.

Kisha ukaja ule mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Watu walikufa, nyumba zikaungua. Wiki hiyo kila aliyepita dukani alisoma ukutani "twajaza" na kuniuliza, huku ndani mwajaza nini? Nilipaka rangi siku ya tatu. Sasa ni "Mtungi wenye sili, mpaka jikoni." Wateja wameshika hilo neno sili, waiangalia kabla hawajalipa.

Mzee wa Kibaha

Kaulimbiu ya usalama lazima imfundishe mtu. Mimi nashauri: "Fungua dirisha la juu, pika salama." Gesi ikivuja inapanda kama moshi, ikikuta dirisha la juu liko wazi inatoka yenyewe.

Wakala Mkongwe

Mzee shikamoo. Kufungua nyumba ni sawa kabisa, ila gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kabati na kwenye mashimo ya maji. Dirisha la juu peke yake halitoshi, ni mlango wazi, na mtu asiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Tukiyaandika hayo ya dirisha kwenye kasha la bodaboda tutakuwa tumewafundisha watu vibaya mtaa mzima.

Kijana wa Msakuzi, nimefanya biashara hii miaka kumi na moja Morogoro, nimebadilisha kaulimbiu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa "Gesi salama asilimia mia." Siku moja mama alinirudishia mtungi, mpira wake wa jiko umetafunwa na panya, gesi imevuja. Akaniuliza, asilimia mia iko wapi? Mpira ni wake, panya ni wake, lakini maneno ni yangu, nilikosa jibu. Tangu hapo siahidi hali ya jikoni kwa mtu. Naahidi kitu ambacho kijana wangu anakifanya mbele ya macho ya mteja.

Niliyonayo sasa ni hii: "Hatuondoki mpaka jiko liwake."

Iangalie inavyofanya kazi. Kijana hawezi kuacha mtungi mlangoni, maneno yenyewe yanamzuia. Akifika anatoa sili mbele ya mteja, anaangalia kimpira, anafunga jiko au regulata, anafungua gesi, kisha anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Ana kichupa cha maji na sabuni ya unga mfukoni na kipande cha sifongo. Povu likikaa kimya, anawasha. Likivimba vipovu vinavyokua, anafunga, anabadilisha kimpira, anapaka tena. Vimpira anatembea navyo kumi. Kazi yote haifiki dakika saba, na katika hizo dakika ndipo wateja wanapoanza kukuambia mambo: mpira umekuwa mgumu, kitufe kimelegea. Mpira uliokakamaa na kupasuka ukiukunja hatuufungi, tunamwonyesha mteja alipopasuka.

Mama Nasra

Hiyo ya jiko liwake imenigusa. Mimi ninachotaka ni kuona moto wa buluu, basi.

Dereva Juma

Mimi ni bodaboda wa gesi, naomba niseme upande wetu. Mkichora maneno hayo halafu mkanilipa kwa idadi ya mitungi, nitakimbia tu. Bosi wangu wa zamani alikuwa na kaulimbiu nzuri ya usalama, na kila siku saa 4 ananipigia "umefikisha mingapi?" Nilikuwa nafunga mitungi minne imelala kwenye kiti cha nyuma, najua inatakiwa isimame, lakini kwa kusimama inaingia miwili tu.

Kijana wa Msakuzi

Juma umenena. Mimi nalipa kwa mtungi pia. Hapo pana kazi, nitakaa na vijana.

Wakala, swali. Umesema usiahidi kilicho nje ya mkono wako. Vipi kuhusu ujazo? Wateja wangu wengi lalamiko lao ni "gesi imeisha mapema, mmeniibia." Nilifikiria "Kilo zako zote."

Wakala Mkongwe

Hiyo iweke ukiwa na mizani inayotembea, si ya dukani tu. Nikupe kisa. Mwalimu mmoja alilalamika mtungi wa kilo 6 umekwenda siku tisa badala ya wiki tatu na zaidi alizozoea. Nikaenda na mtungi mpya na mizani. Kwenye shingo ya ule mpya uzito wa mtungi mtupu umegongwa 7.4. Nikamwambia soma wewe, jumlisha 6. Akapata 13.4. Tukaweka kwenye mizani, 13.4. Nikapima na ule wake aliosema umeisha: shingoni 7.2, mizani 7.2. Kweli umeisha. Basi gesi ilikwenda wapi? Tukafunga ule mpya, tukapaka povu. Kwenye mpira karibu na jiko povu likavimba taratibu, kipovu kimoja kimoja, uvujaji mdogo ambao pua haikuusikia kwa sababu jiko lake liko barazani kwenye upepo. Usiku hakuwa anafunga kwenye mtungi, anazima kwenye jiko tu.

Ningekuwa na "Kilo zako zote" bila mizani, tungebishana mpaka kesho. Kila mtungi una namba yake, usikariri 7.4.

Bin Kombo, Kisauni

Hilo la mizani ni kweli, mteja akijumlisha mwenyewe hasahau. Niongeze moja ambalo lilinipotezea pesa: nilichapisha stika mia mbili za kaulimbiu na namba ya simu, nikabandika kwenye mitungi. Mtungi ni wa kampuni! Mteja akibadilisha kwa mwingine, stika yangu yaenda kukaa kwa jirani wa mtaa wa tatu, au yarudi kiwandani. Bandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, mwombe mwenye nyumba ruhusa. Na namba iwe kubwa kuliko maneno, mtu anayetafuta gesi ana mikono ya unga.

Asha wa Kinondoni

Kumbe mada ni kaulimbiu, samahani. Basi na mimi nichangie. Unapopiga simu wakuulize mtungi wa kampuni gani, kilo ngapi, na jiko limekaa juu ya mtungi au lina mpira. Mimi niliwahi kuletewa kilo 15 ya kampuni nyingine, regulata yangu ikakataa kuingia, kijana akarudi nao. Wamefika kwa wakati, sikupika. Kwangu kufika ni kupika.

Kijana wa Msakuzi

Dada Asha umenipa mstari wa pili. Nimekaa na karani wangu hapa tumeandika hivi, semeni:

"Hatuondoki mpaka jiko liwake. Agiza kabla ya saa 12 jioni, unapika leo."

Nimewasomea vijana kwa sauti barabarani, magari yanapita, wa ng'ambo akarudia neno kwa neno. Awali nilikuwa na "mpaka moto uwake," mke wangu akakataa palepale: duka la gesi na neno moto, mtu akisoma nusu anaona nyumba inaungua. Na malipo nimebadilisha, kuanzia Jumatatu ni ya siku, na nyongeza kwa kila mteja atakayejibu ndiyo nikimpigia kuuliza kama povu lilipakwa.

Dereva Juma

Hapo sawa. Ila niambie, mteja hayupo nyumbani, kaacha funguo kwa jirani, na jirani hataki tuingie jikoni. Nisiondoke?

Kijana wa Msakuzi

Hilo limenitokea leo asubuhi. Kijana amerudi na mtungi dukani, mteja amenuna, anasema ningemwachia jirani. Mpaka sasa mtungi uko hapa mbele yangu, na simu yake haipokelewi. Wakala, nyie Morogoro mnafanyaje?

Wakala Mkongwe

Tunarudi nao. Wateja wawili nimewapoteza kwa hilo mwaka huu.