Tafakari ya Ruthu 2: hii sentensi niitoe?

Zamu Yangu: Wapendwa, shalom. Jumuiya yetu tunapokezana kuandika tafakari ya wiki, na sasa zamu ni yangu. Somo ni Ruthu sura ya 2, pale Ruthu, mjane kutoka Moabu, anapookota masuke shambani kwa Boazi. Nimejaza ukurasa: bidii, ndoa, kumtunza mama mkwe. Mwishoni nikaweka: "Wasiomjua Bwana wangemfukuza Ruthu, ila sisi tuna upendo." Majirani zetu Waislamu nao husoma, na mmoja wao ndiye anayetukodishia viti kwa bei ya ujirani. Mke wangu anasema niitoe. Mnaonaje?

Mkulima wa Mpunga: Boazi alitii sheria tu, hakuna kingine. Walawi 19 inakataza kuvuna mpaka pembeni mwa shamba na kurudia masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Andika utii, basi.

Babu wa Kwaya: Sheria umeipatia, ila umeishia njiani. Soma mstari wa 15 na 16. Sheria ilitaka aachiwe kilichobaki. Boazi akawaagiza vijana wamwache aokote hata katikati ya miganda, tena wachomoe masuke na kuyaacha makusudi, wala wasimkemee. Jioni Ruthu akabeba efa ya shayiri, kama debe moja na ziada, kwa mikono yake mwenyewe. Funzo la wiki liwe hilo moja: msaada usiomwaibisha anayepokea. Ndoa na mama mkwe viwekee wiki nyingine.

Ile sentensi itoe, na si kwa ajili ya viti tu. Mwenye upendo hapo ni Mmoabu, mgeni. Na mstari wa 9 Boazi anawakataza vijana wake wasimguse. Hatari ilikuwa humo humo Bethlehemu.

Mama Wawili: Nilipofiwa nililetewa mchele na sukari, nikapigwa picha nimekumbatia kiroba. Picha ikazunguka kwenye kundi zima. Mchele tulikula, lakini mwanangu mkubwa aligoma kwenda ibadani mwezi mzima.

Dereva: Hivyo viti ni bei gani kwa kimoja? Tuna harusi.

Mkulima wa Mpunga: Babu, lakini Boazi si alikuwa ameshamtamani huyo binti? Msaada wa namna hiyo una hesabu zake.

Babu wa Kwaya: Mstari wa 11 anataja alichosikia: wema wa Ruthu kwa mama mkwe wake, Naomi. Mengine ya moyoni mwake sura hii haisemi, nami siongezi.

Mkulima wa Mpunga: Mimi bado nina shaka.

Zamu Yangu: Nimefuta karibu yote. Sasa inaanza hivi: "Mwezi uliopita tuligawa unga, tukasoma majina kwa sauti mbele ya watu. Boazi hakumwita Ruthu mbele. Alitaka masuke yaachwe njiani." Mama Wawili, naomba ruhusa niitaje picha, bila jina lako.

Mama Wawili: Picha itaje. Kiroba usikitaje, watanijua.