Nilishea faili moja tu na msafirishaji, leo walanguzi wanawapigia wakulima wetu kwa majina

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Mtwara mjini, nimetoka kazini na hasira zimenikaba hapa kooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana ofisini nimeshaambiwa ni mimi niliyevujisha na hakuna anayetaka kunisikiliza.

Jumatatu bibi mmoja wa Tandahimba alinipigia. Salamu tu hakumaliza. "Mwanangu, mbona mmeuza majina yetu?" Kuna kijana alimpigia simu, akamtaja majina yake matatu, akamwambia anajua makadirio yake msimu huu ni kilo 840, akataka kumpa hela leo ili korosho aje azichukue Oktoba. Watu wa huku mnaijua hiyo, ni ulanguzi wa kangomba mchana kweupe. Kufikia jana wakulima 31 walikuwa wamepigiwa hivyo hivyo, na kila kilo aliyotajiwa mtu inalingana na orodha yetu.

Orodha hiyo ina wakulima 612 wa vyama vitatu vya ushirika, yaani AMCOS. Imeandikwa jina, kijiji, simu, namba ya NIDA, akaunti ya benki, salfa aliyopewa mtu na makadirio ya kilo zake. Tunaitunza kwenye SharePoint ya mradi, ile tovuti ya ofisi ya kuhifadhi na kushea mafaili. Msafirishaji alihitaji kitu kidogo sana: jina la kijiji na jumla ya kilo, apange malori. Basi nikatengeneza nakala ya orodha, nikaifanyia kazi siku tatu kujumlisha kwa vijiji, kisha nikafuta majina, simu, NIDA, akaunti, kila kitu cha mtu binafsi. Nikaihamishia folda ya usafirishaji. Nikashea faili hilo peke yake, kwa imeili ya msafirishaji peke yake, nikampa `Can edit` kwa sababu alitakiwa kujaza namba za malori. Sikutoa linki ya kila mtu. Nilikuwa makini kuliko wote pale ofisini, na hilo nalisema bila aibu.

Jana usiku nimekaa na faili lile, nikabonyeza `Version history`. Nilitaka kulia. Kuna matoleo 47. Excel ilikuwa inajihifadhi yenyewe siku zote tatu nilizokuwa nafanya kazi, na ukifungua toleo la siku ya kwanza, wakulima wote 612 wamo, na simu zao na akaunti zao. Nilichofuta mimi kilifutika kwenye toleo la juu tu. Yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri faili anaweza kurudi nyuma akasoma.

Na hapo sijafika kwenye kinachoniudhi zaidi. Siku ya pili baada ya kushea, msafirishaji alilalamika halifunguki, kumbe alikuwa ameingia na imeili nyingine. Meneja hakuniuliza. Alimwambia kijana wetu wa TEHAMA, "mfungulie huyo bwana afanye kazi". Kijana akaenda kwenye ruhusa za tovuti nzima, akaandika imeili ya yule bwana, akachagua `Edit`. Kufanya hivyo ni kumuingiza mtu kwenye kundi la Members. Members wanaona maktaba zote za tovuti: orodha mama, mikataba, posho, vyote. Na si kuona tu. Kiwango cha `Edit` kinamruhusu mtu kufuta hata orodha nzima na maktaba nzima, tofauti na `Contribute` ambacho kinamwachia kushughulika na vilivyomo ndani tu. Alikaa humo siku 9.

Nilipopiga kelele wakamtoa kwenye Members, wakaniambia yameisha. Leo saa nane mchana, yule bwana kajaza namba ya lori kwenye faili langu. Mtu aliyetolewa! Nikamuonyesha meneja, akasema labda kompyuta imechelewa kujua. Kisha akaniandikia barua ya kujieleza MIMI.

Nauliza wanaojua: anaingiaje bado? Na nawezaje kuthibitisha kilivuja kwa njia ipi, historia ya faili au zile siku 9?

Kijana_wa_Masasi: Pole dada. Ila kosa lilikuwa kumpa kuhariri. Mgeni unampa `Can view`, historia haoni kabisa. Namba za malori angekutumia kwa simu ukajaza mwenyewe.

Mwenye uzi: Labda. Lakini mbona SharePoint haikuniambia kitu wakati nabonyeza? Inaniuliza nani na afanye nini, basi.

FundiMikindani: Dada shikamoo kama umenizidi, maana mambo haya nayafanya miaka mingi lakini umri bado. Nianze na kijana wa Masasi, yuko sawa nusu. Kutompa mgeni kuhariri ni jambo zuri, lakini asitegemee kuwa hiyo inaficha historia. Mwenye tovuti afungue anwani ya tovuti yake na kuongeza hii mwishoni:

```
/_layouts/15/role.aspx
```

Hapo viko viwango vyote vya ruhusa. Bonyeza `Read`, utaona vijiboksi vilivyotikiwa, na kimojawapo ni `View Versions`. Kwa hiyo hata kiwango cha kusoma, kama kilivyokuja, kimebeba haki ya matoleo ya nyuma. Mimi siku zote nachukulia kwamba faili likitoka, historia yake imetoka nalo.

Sasa swali lako la anaingiaje. Ulipomshea faili, faili lile liliacha kufuata ruhusa za tovuti, likawa na ruhusa zake lenyewe. Linki yako inakaa kwenye faili. Kijana wenu alimtoa kwenye kundi la tovuti, mlango mwingine kabisa. Wa kwako haukuguswa. Nenda kwenye faili, nukta tatu, `Manage access`, tafuta sehemu ya linki, uifute linki yenyewe. Kompyuta haijachelewa kujua chochote.

Mwenye uzi: Nimefanya sasa hivi nikiwa nasoma. Linki ilikuwepo. Wallahi natetemeka.

FundiMikindani: Usiishie hapo. Fungua na hii:

```
/_layouts/15/user.aspx
```

Angalia juu kuna ukanda wa njano. Ukisoma `There are limited access users on this site`, maana yake kuna watu walioshewa kitu kimoja kimoja ndani ya tovuti, na SharePoint imewapa `Limited Access` ili waweze kupita kukifikia. Hiyo peke yake haiwaonyeshi vitu vingine, usiogope jina. Ila ni dalili kwamba chini kuna mafaili yenye ruhusa zake, na orodha ya Members haitakuambia ni yapi.

Mwalimu_Lindi: Mimi si mtu wa korosho ila limenigusa. Mwaka jana nilishea folda na mwenye steshenari hapa Lindi achape mtihani mmoja wa majaribio. Folda ilikuwa na faili moja tu. Wiki mbili mbele nikaweka mitihani mingine minne humo humo, nimeshasahau. Yule bwana alikuwa anaiona yote jinsi ninavyoiweka. Bahati yangu ni mwaminifu, alinipigia mwenyewe. Swali langu: nikishamaliza kuchapisha nifute folda au inatosha kubadilisha jina?

FundiMikindani: Mwalimu, kubadilisha jina hakusaidii, linki inamfuata. Futa linki kwenye `Manage access`, folda ibaki.

Baba_Sikudhani: Mnazunguka. Hapo mmedukuliwa, kuna kirusi. Badilisheni nywila wote, mrudishe kompyuta kiwandani. Mimi simu yangu ilifanya hivyo hivyo, ikawa inatuma meseji yenyewe.

Mwenye uzi: Baba, asante kwa kunionea huruma, lakini hakuna aliyeingia kwa wizi. Alifunguliwa mlango na sisi.

Kijana_wa_Masasi: Nimejaribu hiyo role.aspx kwenye tovuti yetu, kweli `View Versions` ipo. Nimejifunza. Sasa angefanyaje ili faili liende bila historia?

FundiMikindani: Hapo ndipo dada alipokosea bila kujua. Alisema aliihamishia folda ya usafirishaji. `Move to` inahama na matoleo yote. `Copy to` inachukua toleo la mwisho peke yake, nakala inaanza upya. Angesafisha kwanza, kisha akakopi, kisha akashea ile nakala, asingekuwa na toleo hata moja la nyuma. Yeye alikopi kwanza, akasafisha ndani ya nakala, ndiyo maana uchafu ukaingia kwenye historia. Ila hata `Copy to` haiondoi shiti zilizofichwa ndani ya Excel, hizo zinakwenda nalo. Kwa jedwali la vijiji na kilo, mimi ningefungua kitabu kipya kitupu nikabandika namba tu.

Kuhusu ushahidi, msimamizi wenu mkuu aingie Microsoft Purview, sehemu ya Audit, atafute imeili ya yule bwana kwa tarehe zile 9. Kumbukumbu za kawaida zinakaa siku 180, kwa hiyo bado zipo kama kurekodi hakujazimwa. Mkiona amefungua au amepakua orodha mama, ni zile siku 9. Msipoona, inabaki historia, na hapo ni vigumu kusema kwa uhakika toleo gani lilisomwa. Na alichopakua hamwezi kukirudisha kwa kumtoa.

Mwenye uzi: Msimamizi ni mtu wa mkataba yuko mbali, hapokei simu usiku. Nimeingia `Site usage` nikaendesha ile ripoti ya `Shared with external users`. Nilitegemea kumuona msafirishaji. Wamo watu wa nje 14. Wanne siwajui kabisa. Mmoja alishewa folda ya malipo na mtu aliyeacha kazi kwetu tangu mwaka juzi.

FundiMikindani: Ripoti hiyo umeihifadhi wapi? Isiwe kwenye folda iliyoshewa.

Mwenye uzi: Iko kwenye folda yangu, nimehakikisha. Kuna mpangilio wa `Only site owners can share files, folders, and the site`, nimeuona. Mimi sina mamlaka ya kuuamulia, anayeamua ni meneja. Mpaka sasa kila mwanachama wa tovuti yetu anaweza kumshea mtu wa nje bila kuuliza.

Kijana_wa_Masasi: Dada, na sheria je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, Tume ipo. NIDA na akaunti za watu zimetoka, hilo si la ndani ya ofisi tena.

Mwenye uzi: Nimeliandika kwenye barua ya kujieleza, aya ya kwanza, na ripoti nimeambatanisha na majina yote 14. Kesho saa tatu naikabidhi. Kisha napanda basi la Tandahimba, wale 31 nawafuata nyumba kwa nyumba. Bibi kaniambia kijana yule amempigia tena jioni hii, bei kapandisha.